Huyu Mama Halali? Hesabu ya Nishati ya Siku Moja

Swali lenyewe huwa fupi. Mwanamke mkulima, umri miaka 32, uzito kilo 55, urefu sentimita 158. Kwa kutumia ratiba ya siku yake, kadiria mahitaji yake ya nishati. Chini yake kuna orodha ya kazi na saa zake, na pembeni idadi ya alama. Aliyewahi kusoma lishe hakosi kulijua swali hili au ndugu yake.

Mara ya kwanza nilipolijibu nilipata kilokalori 3,200 na ushei, nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno matatu tu: "Huyu mama halali?" Nilidhani ananitania. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba maneno yale matatu ndiyo yaliyokuwa masahihisho yote.

Tuanze na sehemu ambayo wengi huiogopa, ingawa ndiyo nyepesi. Mwili hutumia nishati hata ukiwa umelala chali huna unalofanya. Moyo unapiga, mapafu yanapanda na kushuka, ini linachuja na kupika vitu vyake, ubongo hauzimi taa. Kiasi hicho cha kuendesha nyumba mlango ukiwa umefungwa ndicho nitakachokiita hapa nishati ya msingi. Kwenye karatasi za mitihani huandikwa kwa herufi tatu, BMR. Kuipima hasa si mchezo. Mtu anatakiwa awe macho lakini ametulia, amelala, hajala kwa saa 12 hivi, chumba kisiwe cha baridi wala cha joto. Hufunikwa kichwa kwa kifuniko kinachoonyesha mlango, kisha mashine inahesabu oksijeni anayoitumia na hewa ya kaboni anayoitoa. Kutokana na hewa hizo mbili ndipo hujulikana nishati anayochoma.

Mashine hiyo haipo kwenye zahanati yako, wala haikuwepo chuoni kwangu. Ndiyo maana watu walitunga kanuni za kukadiria. Arthur Harris na Francis Benedict walitoa yao mwaka 1919, baada ya Benedict na wenzake kupima watu katika maabara ya lishe huko Boston, na mpaka leo vitabu vinaitaja. Ila kwa maswali ya nchi zetu, inayotumika sana ni ile iliyopitishwa na wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 2004. Hiyo haihitaji hata urefu. Inataka jinsia, rika na uzito. Kwa mwanamke wa miaka 30 hadi 60 inasomeka hivi:

Nishati ya msingi = (8.126 × uzito kwa kilo) + 845.6

Weka 55 mahali pa uzito. Utapata 446.9, ukijumlisha na 845.6 unafika 1,292.5. Kwa hiyo mama wetu, hata akilala kutwa nzima bila kunyanyua kidole, mwili wake utatumia kilokalori 1,293 hivi. (Kinachoitwa "kalori" mitaani na kwenye makopo ya maziwa ndiyo hiyo hiyo kilokalori, tusigombane kwa jina.) Urefu wake wa sentimita 158 umewekwa hapo kama chambo. Mwanafunzi akiuona anahisi lazima autumie, anaenda kutafuta kanuni nyingine yenye urefu, na hapo ameshaondoka kwenye njia.

Sasa kazi. Hapa ndipo pana utamu, na ndipo alama zinapopotelea.

Kila shughuli ina kizidisho chake, yaani namba inayoonyesha ni mara ngapi shughuli hiyo inazidi nishati ya msingi kwa muda ule ule. Kulala ni 1.0, kwa sababu kulala kunachukuliwa kuwa sawa na msingi wenyewe. Kukaa na kupiga soga ni 1.4. Kula ni 1.5, kupika ni 2.1. Kulima kwa jembe la mkono, kupanda, kupalilia, ni 4.1. Kuchota maji na kuokota kuni ni 4.4, juu kuliko hata jembe, jambo ambalo wanaume wengi husoma mara mbili wakidhani kuna kosa la uchapaji.

Mama wetu tumweke Kongwa, Dodoma, mwezi Januari, mahindi na mtama vikiwa vimefika magotini na magugu yakiwa yanashindana navyo. Siku yake iko hivi:

Kulala: saa 8 × 1.0 = 8.0
Kuoga na kuvaa: saa 1 × 2.3 = 2.3
Kula: saa 1 × 1.5 = 1.5
Kupika: saa 2 × 2.1 = 4.2
Palizi: saa 5 × 4.1 = 20.5
Maji na kuni: saa 1 × 4.4 = 4.4
Kufagia, vyombo na kufua: saa 1 × 2.3 = 2.3
Kutembea bila mzigo: saa 1 × 3.2 = 3.2
Kupumzika na mazungumzo: saa 4 × 1.4 = 5.6

Kwanza jumlisha saa: 24. Usiendelee mpaka zifike 24, maana zikiwa 23 kuna saa moja ambayo mama huyu hayupo duniani. Halafu jumlisha upande wa kulia: 52.0. Gawanya kwa 24 upate 2.17. Hicho ndicho kizidisho cha siku nzima, ambacho kwenye karatasi huitwa PAL. Zidisha 1,292.5 kwa 52 kisha ugawe kwa 24, nawe utapata kilokalori 2,800.

Mimi siku ile nilifanya nini? Niliona vizidisho tisa, nikavijumlisha vyote, 22.3, nikagawanya kwa tisa, nikapata 2.48. Wastani, si ndivyo tulivyofundishwa darasa la sita? Lakini wastani wa namna hiyo unaihesabu saa moja ya ndoo kichwani sawasawa na saa nane za usingizi. Kwa hesabu yangu, mama alilala kiasi kile kile alichochota maji. Ndiyo sababu mwalimu akauliza kama halali.

Na kulikuwa na njia ya kujishtukia kabla karatasi haijakusanywa. Taarifa ile ya 2004 inagawa maisha ya watu katika makundi matatu. Wenye maisha ya kukaa na kazi nyepesi wako kati ya 1.40 na 1.69. Wenye shughuli za wastani wako 1.70 hadi 1.99. Wenye kazi nzito wako 2.00 hadi 2.40. Zaidi ya 2.40 mtu anaweza kufika, lakini ni vigumu kukaa huko kwa muda mrefu. Jibu langu la 2.48 lilikuwa limeruka uzio. Mkulima wa jembe akitokea 2.17, hapo kuna mantiki. Akitokea 2.48 kwa siku yenye saa 12 za kulala na kupumzika, rudi kwenye hesabu.

Kosa la pili ninaloliona kwa vijana wanaoniletea madaftari ni kuongeza asilimia 10 mwishoni. Mtu akila, mwili unatumia nishati kusaga na kupokea kile chakula, na kwa mlo wa kawaida huwa ni kama sehemu moja ya kumi. Hilo ni kweli. Lakini kizidisho cha siku nzima, kwa mtindo huu wa FAO, tayari kimebeba gharama hiyo ndani yake. Ukimwongezea mama wetu asilimia 10 unafika 3,080, na umemtoza kodi mara mbili. Ugumu ni kwamba vipo vitabu, hasa vya zamani vya Marekani, vinavyofundisha njia nyingine: unachukua nishati ya msingi, unaongeza asilimia fulani ya shughuli, kisha unaongeza asilimia 10 ya usagaji. Ndani ya njia hiyo, ile 10 ni halali. Hakuna njia iliyo haramu kati ya hizo mbili. Haramu ni kuanza na moja ukamalizia na nyingine.

Ndoa hizi za mseto ndizo zinazosumbua pia watu wa mazoezi wenye programu kwenye simu. Programu nyingi hutumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo inataka uzito, urefu na umri. Kwa mama wetu inakwenda hivi: 10 mara 55, jumlisha 6.25 mara 158, toa 5 mara 32, toa 161. Inatoka 1,217. Kanuni ya Harris na Benedict ikipewa mtu huyo huyo inatoa 1,324. Ile ya FAO, tumeona, 1,293. Mtu mmoja, namba tatu, na tofauti ya zaidi ya kilokalori 100 kati ya ya juu na ya chini kabla hajashika hata jembe. Halafu programu inamuuliza anafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, na juu kabisa ya ngazi yake kuna kizidisho cha 1.9. Zidisha: 2,311. Ni pungufu ya karibu 490 ukilinganisha na hesabu yetu ya saa kwa saa. Ngazi ile ilifikiriwa kwa mtu anayekaa ofisini kisha jioni akaenda mazoezini. Swali la "mazoezi siku ngapi" halina pa kuiweka palizi, wala ndoo.

Kwa mtihani, basi, fuata kanuni uliyopewa pamoja na vizidisho vilivyokuja nayo. Ikiwa ni kanuni yenye urefu, angalia inataka sentimita au mita. Kwenye Harris na Benedict, ukiandika 1.58 badala ya 158, nishati ya msingi ya mama huyu inaporomoka kwa kilokalori 289, na kikokotoo hakitakuambia kitu.

Rika nalo lina ujanja wake. Kanuni ya FAO ya wanawake wa miaka 18 hadi 30 ni 14.818 mara uzito, jumlisha 486.6. Ukikosea ukamtumia mama wetu, unapata 1,302 badala ya 1,293. Tofauti ya 9, haina madhara, na unaweza kuhitimu bila kujua kwamba ulikosea. Lakini jaribu na mwanamke wa kilo 80: kanuni ya vijana inatoa 1,672 na ya wakubwa 1,496. Tofauti ni 176. Mistari ile miwili hukutana karibu na kilo 54, na kadiri unavyoondoka hapo ndivyo inavyotengana. Watunga maswali wazuri wanalijua hilo, na ndiyo maana utakuta swali la mama wa kilo 80 mwenye umri wa miaka 31.

Huyo wa kilo 80 anatuonyesha pia mpaka mmoja wa kanuni zote hizi. Ini, ubongo, moyo na figo ukivipima kwenye mizani havifiki sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu, lakini hula zaidi ya nusu ya nishati ya msingi. Mafuta ya mwilini hula kidogo sana. Kanuni inayojua uzito peke yake haiwezi kutofautisha kilo 80 za mbeba mizigo wa sokoni na kilo 80 za mtu aliyenenepa kwa kukaa. Itawapa wote namba moja, na kwa huyu wa pili mara nyingi itakuwa imezidi.

Kuna jingine ambalo mwalimu wangu hakulisema, nikaja kulisoma baadaye. Kanuni za FAO zilijengwa juu ya mkusanyiko wa vipimo alioufanyia kazi Schofield na kuuchapisha mwaka 1985, vipimo zaidi ya 7,000. Karibu nusu yake vilikuwa vya Waitaliano. Watafiti waliokuja baadaye waliona kwamba Waitaliano hao walikuwa na nishati ya msingi ya juu kuliko wengine, na kwamba kanuni hizo huwa zinawazidishia watu wengi wa nchi za joto. Henry wa Oxford alitoa kanuni nyingine mwaka 2005 bila Waitaliano wale. Kwa hiyo mama wa Kongwa anahesabiwa kwa kipimo kilichoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, na hata kama kingeshonwa kwa watu wa kwao, kingetoa wastani wa kundi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini ya wastani huo kwa asilimia 10 bila kuwa mgonjwa. Asilimia 10 ya 2,800 ni 280. Ukiona mtu ameandika jibu 2,800.42, jua amekiamini kikokotoo kuliko anavyostahili.

Vizidisho vyenyewe navyo vimetikiswa, na waliovitikisa ni Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ya Wahadzabe, wakitumia maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni nzito: mtu anayanywa, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa kuona vitu hivyo vinavyotoka mwilini kwa kasi gani. Ni njia inayomwacha mtu aendelee na maisha yake, awinde, achimbe mizizi. Wahadzabe wanatembea kutwa. Matarajio yalikuwa kwamba watawapita mbali watu wa Marekani na Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati ya siku haikutofautiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotumika sana hubana matumizi mahali pengine, kama mwenye nyumba anayelipa ada za shule akapunguza nyama. Wengine hawakubaliani naye, na mjadala bado uko mezani. Lakini ukijumlisha saa baada ya saa kama tulivyofanya, umekubali kimyakimya kwamba mwili haubani kitu. Inafaa kujua kwamba umekubali hivyo.

Je, tuitupe hesabu? Hapana. Mtu anayepanga chakula cha wanafunzi wa bweni au mgawo wa kambi hana maji ya Pontzer, ana gunia la unga na orodha ya majina. Kwa kundi, makosa ya mtu mmoja mmoja hupoozana. Kwa mtu mmoja, namba ni pa kuanzia, kisha mizani inaendelea na kazi: uzito ukishuka wiki baada ya wiki, alikuwa anahitaji zaidi ya ulivyoandika, hata kanuni iseme nini. Na akiwa mjamzito, nyongeza huja mwishoni, juu ya jumla ya siku. Taarifa ya 2004 inatoa 85 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika mitatu ya kati na 475 katika ya mwisho. Anayeiongeza kwenye nishati ya msingi kisha akazidisha kwa 2.17 anamfanya mtoto aliye tumboni naye ashike jembe.

Swali la mtihani huishia kwenye siku moja. Mimi hupenda kuwaongezea wanafunzi kipande cha pili: mpelekeni mama yule yule mwezi Agosti. Hakuna palizi. Zile saa tano za jembe anakaa gengeni akiuza karanga na mbogamboga, kizidisho 1.5. Mengine yote yaachwe yalivyo, hata ndoo. Tano mara 2.6, ambayo ndiyo tofauti ya 4.1 na 1.5, ni 13. Jumla inashuka kutoka 52 hadi 39, kizidisho kinakuwa 1.63, na mahitaji ya siku yanakuwa kilokalori 2,100. Ni mwili ule ule na nyumba ile ile, ila pengo ni la kilokalori 700. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama 360, kwa hiyo pengo hilo ni karibu gramu 200 za unga mkavu kila siku, kwa mtu mmoja.

Agosti, mama huyo ana mahindi ya mavuno mapya ndani. Januari na Februari, anapohitaji zile gramu 200 za ziada, ghala la mwaka uliopita limefika chini na yaliyo shambani bado ni mabichi.